SEHEMU YA 4: Goti mmeliona. Macho nani kayaangalia?

Wamama wenzangu, leo naongea kwa ukali kidogo. Hii kauli ya "jicho si jekundu, halimuumi, mwache" inapofusha watoto.

Chukua binti wa miaka 3. Goti moja limevimba wiki 8 sasa. Asubuhi anachechemea, ikifika saa nne anakimbia, basi nyumbani wanasema alianguka. Kiungo kikivimba wiki 6 au zaidi na sababu nyingine haionekani, hiyo ni baridi yabisi ya watoto. Ndiyo, watoto wanaugua!

Ikishika viungo visivyozidi vinne katika miezi 6 ya mwanzo, inaitwa aina ya viungo vichache. Watu wanaiona nyepesi. Kumbe ndiyo inayopenda macho, hasa ikimwanza mtoto mdogo hivi na kipimo cha damu cha ANA kikawa chanya.

Ndani ya jicho panawaka kimyakimya. Tochi haioni, na kusoma herufi ukutani hakutoshi. Anahitaji daktari wa macho mwenye ile darubini ya mwanga mwembamba, kila miezi 3 kwa miaka ya mwanzo, hata kama goti limenywea baada ya sindano.

Na msiniambie "tunampa dawa ya maumivu, anacheza". Lengo ni uvimbe uishe kabisa, mapema, maana goti likiendelea kuvimba mguu huo unaweza kurefuka kuliko mwenzake.

Ukitoka kliniki ya goti bila tarehe ya macho, rudi ndani ukaidai.