Homa, Kutapika na Siku ya Kurudi Chuoni

Kwa wazazi na walezi wetu,



Wengi wenu mmeuliza ni lini mtoto abaki nyumbani na ni lini arudi shuleni au chuoni. Naanza na homa, kwani ndiyo ihadaayo zaidi. Kipimajoto kikiwekwa kwapani kikaonyesha digrii 37.5 au zaidi, mtoto ana homa, naye asitoke. Wapo wanaomnywesha mtoto parasitamoli alfajiri, joto likashuka, wakamvisha kanzu akaenda. Dawa hiyo hushusha joto kwa muda wa saa nne hadi sita tu. Haikiondoi kilicholeta homa. Kabla ya adhuhuri mtoto hutetemeka mkekani, na wenzake waliokaa naye bega kwa bega wamekwisha kuvuta pumzi yake.

Basi arudi baada ya kupitiwa na saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Tuseme alimeza parasitamoli ya mwisho Jumatatu saa mbili usiku. Nguvu yake huisha kiasi cha saa nane, usiku wa kuamkia Jumanne. Hesabu ianze hapo. Akishinda Jumanne yote mwili umepoa, akalala salama, Jumatano asubuhi aje. Mzazi anayehesabu tangu kumeza dawa humleta mapema.

Nasi watu wa Pwani tuna malaria, ambayo homa yake hupanda na kushuka. Kupoa kwa siku moja si dalili ya kupona, kwa hiyo mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku ile ile akapimwe damu. Mafua matupu bila homa, kwa mtoto anayekula na kucheza, hayamzuii; lau tungezuia kwa mafua, madarasa yangekuwa matupu msimu wote wa kusi.

Kutapika kuna hesabu yake. Aliyetapika kwa ugonjwa wa tumbo, au anayeharisha, angoje saa 48 tangu mara ya mwisho, kwani vijidudu huendelea kutoka ingawa amechangamka. Akitapika mara ya mwisho Jumatatu magharibi, saa hizo hutimia Jumatano magharibi. Aje Alhamisi, iwapo chakula kinakaa tumboni. Aliyetapika mara moja kwa kuchafukwa garini hayumo humu.

Akitapika, ngojeni dakika kumi, kisha mpeni maji ya chumvi na sukari ya paketi kijiko kwa kijiko, yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Akinywa kikombe kizima kwa pupa atakirudisha. Anayetapika kila anachokunywa, aliyepatwa na degedege, aliyekakamaa shingo au aliyelegea asiamke vyema, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane.

Siku ya kurudi, mwambieni mwalimu aliugua nini na alimeza dawa ya mwisho lini.

Wassalamu alaykum.