Nani Amekwambia Wewe ni wa Kwanza?

Nimewahi kuuza sentensi moja mara nyingi kuliko muuza mahindi wa steji ya Naivasha anavyouza mahindi. Sentensi yenyewe ni hii: "Huu ni utafiti wa kwanza wa aina yake." Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, na tangu hapo nimekula kwa kuwaandikia watu. Nimeandika insha, ripoti, wasifu, na mwisho wa foleni kuna ile barua ya kusindikiza muswada kwenda kwa mhariri wa jarida. Barua hiyo niliitoza shilingi mia tatu. Mteja ananitumia ikisiri, mimi namrudishia aya nne za sifa, naye anabonyeza "tuma" bila kuzisoma. Muswada wenyewe sikuwa nausoma. Mia tatu hainunui macho ya kurasa thelathini, bana.

Kwa hiyo ninaposema kwamba barua nyingi za kusindikiza ni uongo uliovaa tai, sisemi kama mtu wa nje. Mimi ndiye fundi wa hizo tai.

Niligutuka zamu yangu ilipofika. Nimekulia Kamere, chini ya Olkaria, mahali ambapo upepo ukigeuka unasikia harufu ya mayai viza na hakuna anayeuliza imetoka wapi. Mjomba wangu ni dereva wa kontrakta huko juu kwenye visima. Kwa miaka mingi nimemsikiliza yeye na wenzake wakizungumza, na kitu kimoja kilinisumbua. Kwenye hotuba na nyaraka za serikali nishati hii inaitwa jotoardhi. Kazini wanasema mvuke. Wanasema mvuke hata pale ambapo neno hilo halitoshi, maana kinachopanda kisimani Olkaria ni mchanganyiko wa mvuke na maji ya moto. Vinatenganishwa, mvuke unaenda kuzungusha tabo, na maji yanarudishwa ardhini. Wao wanaviita vyote mvuke. Halafu wakishuka nyumbani jioni wanawasha stima, neno ambalo zamani lilikuwa jina la meli ya mvuke. Hapo nikaona makala. Nikapata kibali cha utafiti, nikawahoji watu kumi na wanne, nikaandika.

Kisha nikaandika barua kwa mkono uleule wa mia tatu. Nilianza kwa kulisifu jarida la mhariri mistari mitano. Nikanakili ikisiri karibu yote. Nikasema huu ni utafiti wa kwanza kabisa kuhusu lugha ya nishati Olkaria, kwamba utaleta mapinduzi katika taaluma ya istilahi, na kwamba kazi hii ni mpya kabisa na haijawahi kuonekana popote. Maneno mia nne na kitu.

Mhariri alijibu baada ya siku nne, mistari miwili tu. Upya ninaodai ni upi hasa, ukilinganishwa na kazi ipi? Na je, sehemu ya tatu si ile insha yangu iliyotoka mtandaoni mwaka uliotangulia?

Nilitamani ardhi ipasuke, na kwetu ardhi inaweza kupasuka kweli. Insha ilikuwa yangu, ndiyo. Sikumwibia mtu. Lakini nilikuwa nimeandika "haijawahi kuonekana popote", na yeye alichofanya ni kunakili sentensi yangu moja na kuitafuta mtandaoni. Kazi ya sekunde kumi. Kuendeleza insha ya zamani si kosa, na majarida mengi hukubali ukisema mapema nini kilitoka wapi na nini kimeongezwa. Kosa ni kunyamaza. Ukinyamaza, mhariri hawezi tena kujua kama ulisahau au ulificha, na akishafika hapo anaanza kuitilia shaka data yako pia, hata iliyo safi.

Sasa hilo neno "kwanza". Chukua Olkaria yenyewe. Watu walianza kutoboa visima pale miaka ya 1950. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, uliwashwa 1981, na ndio uliofungua uzalishaji wa umeme wa jotoardhi kwa kiwango cha gridi barani Afrika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kuna programu ya mafunzo kule Aisilandi, ambayo hadi 2019 ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Wakenya wamesomea huko kwa wingi, na wanafunzi wake huandika ripoti za utafiti. Ripoti hizo, nyingi zikiwa na jina Olkaria kwenye kichwa, zimewekwa mtandaoni bure. Ongeza makala za makongamano ya dunia ya jotoardhi. Ukitaka mambo ya jamii, Wamaasai waliohamishwa kupisha upanuzi 2014 walipeleka malalamiko yao hadi kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia mwaka huohuo, na mambo hayo yameandikwa na watu wengi. Mtu anayeandika "utafiti wa kwanza Olkaria" anamwambia mhariri jambo moja tu: sikutafuta.

Kwa upande wa istilahi hali ni ileile. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa 1930, BAKITA ikaanzishwa 1967, na TUKI kule Dar es Salaam wakatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia 1990. Mjadala wa nani atunge maneno ya sayansi, na ayatunge vipi, umenizidi umri mara tatu. Mapinduzi gani nilikuwa nayaleta mimi kutoka Kamere?

Nilimpelekea mhadhiri mmoja shida yangu, jina simtaji. Akaniambia tatizo si sentensi, tatizo ni kwamba sina chuo. Niweke jina lake kwanza, langu la pili, na barua itoke kwenye anwani yake. "Hiyo itapita," akasema. Hakuwa amesoma muswada. Nikafikiria sana, sitaki kujifanya mtakatifu, maana kodi ilikuwa imefika. Lakini barua ya kusindikiza ndipo mahali ambapo unathibitisha kwamba waliotajwa ndio walioifanya kazi. Ningekuwa nimemtoza mhariri mia tatu nyingine, safari hii kwa jina langu mwenyewe.

Nikakaa nikaiandika upya. Hii ndiyo niliyotuma, nzima:

"Mheshimiwa Mhariri,

Naomba kuwasilisha muswada wenye kichwa 'Mvuke au Jotoardhi? Majina ya nishati katika mazungumzo ya kazini Olkaria', makala kamili ya maneno 6,400.

Mjadala wa istilahi za Kiswahili umejikita zaidi katika namna zinavyotungwa na kusanifishwa. Muswada huu unaangalia wanachosema wanaoifanya kazi. Kutokana na mahojiano na vibarua na madereva 14, naonyesha kwamba neno rasmi linataja chanzo cha nishati, ilhali wao hutaja kinachowafikia mkononi, yaani mvuke, hata wanapozungumzia maji ya moto. Sidai kwamba ndivyo ilivyo kwa wahandisi, wala nje ya Olkaria.

Sehemu ya tatu imetokana na insha niliyochapisha mtandaoni, ambayo nimeiambatisha. Mahojiano na uchanganuzi wake havikuwamo. Katika barua yangu ya awali nilisema kazi hii haijaonekana popote, nilikosea. Muswada hauko mbele ya jarida jingine. Mmoja wa waliohojiwa ni mjomba wangu, naye alinitambulisha kwa wengine kadhaa. Nakala ya kibali cha utafiti nimeiambatisha. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, sina chuo ninachokiwakilisha."

Basi. Soma aya ya pili taratibu, kwa maana ndiyo iliyonitoa jasho siku mbili. Sentensi yake ya kwanza inasema mazungumzo yamefika wapi. Ya pili inasema mimi nimesimama upande gani. Ya tatu inataja nilichokipata na nilikipata kwa nani, na ya nne inaonyesha kinapoishia. Hakuna "kwanza", hakuna "mapinduzi". Kama kesho mtu atatoa makala ya 1985 iliyowahi kugusa jambo hili, barua yangu haigeuki kuwa uongo, kwa sababu sikudai kuwa peke yangu duniani.

Wenzangu wa hii hasla wananicheka. Wanasema mhariri ana misururu ya baruapepe, usipopiga kelele hakuoni. Na ile sentensi ya "sidai", ati ni kujichimbia kaburi. Mimi naona wamegeuza mambo. Fikiria mhariri anataka nini akifungua barua. Lazima aamue kama muswada ni wa jarida lake, na kama ni wake, ampe nani ausome. Ukimwambia "mapinduzi", hujamsaidia katika lolote kati ya hayo mawili. Ukimwambia ni maneno ya kazini yakipambanishwa na istilahi rasmi, tayari anajua amtafute mtu wa istilahi, na pengine mmoja wa isimujamii. Na kuhusu sifa za jarida lake, jamani, analifahamu, yeye ndiye analihariri.

Kuna jambo la mjomba pia. Rafiki mmoja alinishauri niliondoe, nani atajua? Lakini mtu aliyefika kwa wahojiwa kupitia dereva mmoja amepata marafiki wa dereva huyo, na marafiki huongea kufanana. Huo ni udhaifu wa kweli wa data yangu. Afadhali mhariri aupate kwangu kuliko msomaji wa muswada aunuse mwenyewe, kwa kuwa katika majarida ya aina hii wasomaji hawaoni jina langu, na huenda barua yangu wasiione kabisa. Ndiyo maana udhaifu huohuo nimeuandika pia ndani ya muswada, kwenye sehemu ya mbinu, bila kusema ni mjomba wa nani.

Siahidi kwamba barua fupi inaokoa muswada mbovu. Haiokoi. Wangu umepelekwa kwa wasomaji, wanaweza kuurarua, na wakiurarua iwe ni kwa sababu watu kumi na wanne ni wachache. Hilo nitalivumilia.

Wiki iliyopita mteja wa zamani alinitumia ikisiri yake kwenye simu, kuhusu visima vya huku huku kwetu, akitaka barua kufikia jioni. Sentensi ya mwisho ilikuwa na lile neno. Nikamuuliza, wa kwanza baada ya kusoma nini? Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bei imepanda. Nikamwambia ndiyo, sasa ni elfu moja na mia tano, na muswada wote utumwe.

Bado hajautuma.