Moyo Unaoshindwa Huku Ukisukuma Damu Nyingi

Mgonjwa akifika na miguu iliyovimba, akihema, na mishipa ya shingo imejaa, wengi wetu huutaja moyo papo hapo, na hatukosei. Tunateleza katika hatua inayofuata. Tunachukulia kwamba moyo umedhoofika, tunaandika furosemidi na enalaprili, kisha tunampa mgonjwa tarehe ya kurudi. Toleo hili linatetea jambo moja: kabla ya kushika kalamu, mshike mgonjwa mkono. Mkono ukiwa na joto, mapigo yakiruka chini ya vidole vyako, na presha ya juu ikiwa imeachana mbali na ya chini, huenda moyo huo unasukuma damu nyingi kupita kawaida, na chanzo cha maradhi kiko nje ya moyo.

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takribani lita 5 za damu kwa dakika. Katika hali tunazozungumzia, kiasi hicho hufika lita 8 na zaidi. Mishipa midogo ya mwili imefunguka, damu inapita kwa wepesi, na presha ndani ya mishipa inapungua. Figo hazijui kwamba moyo unasukuma kwa wingi; zinachohisi ni presha iliyoshuka, nazo huzuia chumvi na maji kana kwamba mtu amepoteza damu. Maji hayo hurudi kuujaza moyo ambao tayari unakimbia, kisha humwagikia miguuni na mapafuni. Ndiyo maana eko ya moyo inaweza kuonyesha misuli inayojikunja vizuri kabisa ilhali mgonjwa hawezi kulala chali. Majibu ya namna hiyo yasimrudishe mtu nyumbani.

Tuchukue mgonjwa wa mfano. Ni mama wa miaka 36 aliyevimba miguu kwa wiki tatu, anayepumzika mara mbili akipanda kilima cha kwenda kisimani. Mikono yake ina joto, mapigo ni 116 kwa dakika, presha ni 128 kwa 48. Moyoni unasikika mvumo laini moyo unapojikunja, na chini ya mapafu kuna mchakarisho. Viganja na kope za ndani ni vyeupe. Akiulizwa, anasema hedhi yake imekuwa nzito kwa miaka miwili, na tumbo la chini lina uvimbe mgumu wa kizazi. Kipimo cha himoglobini kinatoa gramu 3.6 kwa desilita.

Hesabu ya mama huyu inaeleza kila kitu. Gramu moja ya himoglobini hubeba takribani mililita 1.34 za oksijeni. Mtu mwenye gramu 12, moyo wake ukisukuma lita 5, hupeleka mwilini kama mililita 800 za oksijeni kwa dakika, na mwili uliopumzika hutumia karibu 250 tu. Kwa gramu 3.6, lita zile zile 5 zinabeba mililita 240 hivi. Hata viungo vikinyonya oksijeni yote iliyomo, haitoshi. Moyo hauna budi kuongeza mwendo, na umekuwa ukifanya hivyo kwa miezi mingi, usiku na mchana.

Hapo ndipo tiba inapohitaji utulivu. Mama huyu hana upungufu wa maji kwenye mishipa, amejaa. Ukimwekea damu haraka kama mtu aliyetokwa na damu ajalini, unaweza kumzamisha mapafu mbele ya macho yako. Anakalishwa wima, anapewa furosemidi, kisha chembe nyekundu zilizotenganishwa na maji ya damu, chupa moja kwa wakati, polepole lakini isizidi saa 4, huku muuguzi akihesabu pumzi na kusikiliza mapafu. Lengo la siku ya kwanza ni kumtoa hatarini, si kufikisha gramu 12. Yanayobaki ni kazi ya madini ya chuma na ya kushughulikia uvimbe wa kizazi. Enalaprili ingefungua mishipa ambayo tayari imefunguka, na presha yake ya chini ingezidi kushuka.

Kuna mpaka ambao tunaomba usisahaulike. Moyo uliokuwa mzima, kwa kawaida, haushindwi kwa upungufu wa damu pekee mpaka himoglobini ishuke karibu na gramu 5 au chini yake. Ukikuta gramu 9 kwa mgonjwa aliyevimba, usifunge faili. Upungufu huo umeongeza mzigo tu. Chini yake tafuta vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, au msuli wa moyo uliolegea baada ya kujifungua.

Na kama viganja ni vyekundu na himoglobini ni nzuri, ilhali mkono bado una joto na unyevunyevu? Tazama shingo na macho. Tezi ya shingo inayotoa homoni kupita kiasi huongeza matumizi ya oksijeni, hufungua mishipa na kuukimbiza moyo, yote kwa pamoja. Mgonjwa anakula sana lakini anakonda. Laza karatasi juu ya vidole alivyovinyoosha, nayo itatetemeka. Mhesabie mapigo akiwa usingizini: ya mtu mwenye wasiwasi yatatulia, yake yatabaki juu. Kwa wazee dalili hizi hufichika, na huenda ukaona kukonda tu na mapigo yasiyo na mpangilio. Kipimo cha homoni ya TSH, kikiwa chini mno, kinaelekeza. Dawa ni karbimazoli, pamoja na propranololi ya kupunguza mwendo, ambayo kwa aliyejaa maji huanzwa kwa kipimo kidogo na kwa uangalizi.

Chanzo cha tatu tunakisahau kwa sababu tunakihesabu kuwa cha zamani. Kati ya 2009 na 2010, wanajeshi wa kikosi cha Umoja wa Afrika huko Mogadishu, Waganda na Warundi, walianza kuvimba miguu. Waliougua walifika 241, angalau wanne walifariki, na makumi walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Maambukizi na sumu vilitafutwa bila mafanikio. Chanzo kilikuwa chakula: waliougua walitegemea posho ya kambini pekee, na mwili ulikosa vitamini B1. Ilikuwa beriberi. Walipopewa vitamini hiyo walipata nafuu haraka. Kwa hiyo aliyevimba na mwenye mikono ya joto, anayeishi kwa wali mweupe, mlevi wa kupindukia, au aliyetapika ujauzito mzima, apewe sindano ya thiamini miligramu 100 bila kungoja maabara. Kupona kwake ndicho kipimo.

Joto la mkono nalo lina mipaka. Vali ya aota inayovuja huachanisha presha vivyo hivyo, lakini mvumo wake husikika moyo unapolegea. Maambukizi ya damu hupasha mikono, na homa huyafichua. Na moyo uliokimbia muda mrefu mno huishia kuchoka, mkono ukapoa. Hapo historia ya mgonjwa ndiyo iliyobaki.

Pendekezo letu kwa kila kliniki ni dogo: kwenye karatasi ya mgonjwa wa moyo, ongezeni nafasi tatu kabla ya ile ya dawa. Mikono ni ya joto au baridi? Presha ya juu na ya chini zinaachana kiasi gani? Himoglobini ni ngapi? Nafasi hizo zikiwa tupu, agizo la dawa lisubiri.