Kilo mbili za chumvi

Pale barazani kwetu Dzaleka kuna mzee ambaye wenzake bado wanamuita Kilo Mbili. Alipofika Malawi alienda sokoni Lilongwe kununua mchele. Muuzaji akasikia mchere, na kwa Kichewa mchere ni chumvi. Mchele wenyewe wanauita mpunga. Akawekewa kwenye plastiki nyeusi, akalipa. Nyumbani wageni wanangoja wali! Miaka imepita, wazee wanacheka tu. Naye anajibu: "Na wewe, mzee mwenzangu, uliyekimbia vita umebeba redio bila betri?"

Mfanyakazi mmoja wa shirika alituambia huo ni udhalilishaji, ukomeshwe. Mimi nakataa. Anayetaniwa anarudisha, na wanaomtania walikuwepo: ile chumvi waligawana nyumba kwa nyumba. Waliouawa njiani hawaguswi. Na mzee akinyamaza bila kurudisha, wenzake wanageuza maneno haraka, anaongezewa chai.

Wanaoharibu ni sisi vijana na simu zetu. Video ikifika Lilongwe kwa watu wasiomjua, Kilo Mbili atawajibu nini? Redio zao hajawahi kuziona.