Kivuli cha mpiga picha hakifutwi kwa viraka

Wanatuambia kivuli cha mpiga picha kisitusumbue: piga tu, kisha nakili kipande cha ardhi yenye jua ukibandike juu yake. Hoja hii inadhani kivuli ni tundu tupu. Tazama picha ya makaburi ya Kaole, Bagamoyo, iliyopigwa jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo. Mtu wa mita 1.7 anaangusha kivuli cha karibu mita 3, na ndani yake kila kokoto na jani kavu bado vinaonekana. Ukibandika, unafuta ardhi halisi, na kokoto ileile inajitokeza mara tatu. Ukingo nao unakuumbua: miguuni ni mkali, kichwani umefifia kwa yapata sentimita 6, kwa kuwa jua si nukta. Dawa ni kuchagua eneo la kivuli, kulainisha ukingo zaidi upande wa kichwa, kuongeza mwanga, kisha kupunguza ubluu unaotokana na anga. Watasema hiyo ni kazi ndefu. Basi weka kamera kwenye stendi, tega sekunde 10, uondoke; kitabaki kivuli chembamba cha stendi.