Friji la mtumba lipewe waranti

Mwandishi aliyetetea "ukishatoka nalo dukani ni lako" anasema waranti kwenye friji la mtumba inaalika matapeli. Sikubaliani naye hata kidogo. Kinachowaalika ni waranti isiyoandikwa.

Gesi inayovuja polepole haijulikani kwa jaribio la dakika 10 dukani. Friji litapoza leo, na baada ya wiki mbili barafu itaganda upande mmoja tu huku kompresa ikinguruma bila kujikata. Mnunuzi anayelirudisha hapo si tapeli. Kauziwa ubovu, na waranti ya siku 7 haimsaidii; siku 30 ndizo zinazofaa.

Muuzaji naye ajilinde kwa ushahidi. Aliwashe friji usiku kucha, aweke kipimajoto ndani ya glasi ya maji, na asubuhi mteja aone kipimo kiko chini ya nyuzi 5 na kompresa inajikata. Namba ya kompresa iandikwe kwenye risiti, na rangi ipakwe kwenye skrubu zake na mwisho wa bomba la kujazia gesi. Rangi ikikwaruzwa, kuna fundi mwingine aliyegusa, na waranti imekufa.

Anayetaka friji la kupozea soda za harusi kisha alirudishe hatapata mwanya, kwa sababu kubadili mawazo si ubovu. Ubovu ukithibitika, duka litengeneze kwanza. Likishindwa, libadilishe au lirudishe pesa yote. Nauli ya kirikuu ilipwe na duka.