Hiyo Eti Msiifute

Nakala yangu ya kwanza ya mahojiano ilirudi ikiwa na wino mwekundu juu ya neno moja tu. Kila palipokuwa na eti, msimamizi wangu alikata, na pembeni akaandika: kilema cha mazungumzo, ondoa. Nilitii. Mwanafunzi wa uzamili anayehesabu miezi ya ada iliyobaki hana nguvu ya kugombana kuhusu neno la herufi tatu. Leo ninazo, na ninagombana, kwa sababu kukata kule kulimfanya bibi mmoja wa Same aseme jambo ambalo hakulisema.

Bibi huyo analima mahindi na maharage kwenye miteremko ya chini ya milima ya Upare, mahali ambapo huwezi kuitegemea mvua peke yake. Maji yake yanatoka kwenye ndiva. Kwa asiyefika huko, ndiva ni bwawa dogo ambalo wenyeji wamelichimba na kulijengea ukingo. Usiku hujazwa kwa mfereji unaoteremka kutoka mlimani, asubuhi tundu lake huzibuliwa na maji hugawanywa kwa zamu. Tasnifu yangu ni kuhusu zamu hizo, na chuo kinataka niiandike kwa Kiingereza. Kwa hiyo kila alichosema bibi kilipaswa kuvuka.

Katika saa nzima ya mazungumzo alisema eti mara nyingi. Nachukua tatu.

Ya kwanza alikuwa akinisimulia mkutano wa kijiji: "Wakatuambia eti bila karatasi hatuna maji." Ya pili ilimhusu jirani aliyekosa siku ya kuzibua mfereji: "Hakuja, eti anaumwa." Ya tatu alinigeukia mimi, akaitazama simu yangu iliyokuwa ikirekodi: "Eti mjukuu wangu, hicho kinanasa kila kitu?"

Ukifuta eti ya kwanza, unabaki na: wakatuambia bila karatasi hatuna maji. Sentensi safi, sarufi haina tatizo. Ila imebadilika kuwa taarifa. Katika rasimu yangu, nilipowapanga wahojiwa kwa misimamo yao, bibi huyu aliangukia kwenye kundi la walioukubali utaratibu wa vibali. Hakuna aliyedanganya. Mimi nilifuata maelekezo, jedwali likafuata tafsiri, na mwanamke aliyekuwa akibetua midomo wakati anasema akageuka kuwa raia aliyeelewa somo.

Nilipoliona kosa, nikakimbilia dawa ambayo wengi wetu tunaikimbilia. Kiingereza kina neno moja la magazetini, lile ambalo mwandishi wa habari za mahakamani hulitumia ili asishtakiwe, ambalo sisi tungesema inadaiwa. Nikalibandika mwanzoni mwa sentensi. Sasa ilisomeka kana kwamba inadaiwa walituambia. Hapo nilikuwa nimeharibu zaidi. Bibi hana shaka hata kidogo kwamba waliambiwa. Alikuwepo, alikaa kwenye benchi la mbele, aliwasikia. Anachokikataa ni kile kilichosemwa. Eti yake imekaa baada ya wakatuambia, na inatazama mbele tu, kwenye karatasi na maji. Ukiisogeza nyuma ya kitenzi, unamfanya shahidi wa macho aonekane mbeya.

Sikiliza tofauti ya alisema kwamba anaumwa na alisema eti anaumwa. Kwamba hubeba maneno ya mtu hadi kwako bila kutia neno lake. Eti nayo hubeba, lakini inakwambia mbebaji hataki kuulizwa kuhusu mzigo. Zipo lugha zenye kazi inayokaribiana na hii ndani ya kitenzi chenyewe: Kituruki kina kiambishi cha mambo ambayo msemaji hakuyashuhudia, na Kijerumani hubadili umbo la kitenzi anaponukuliwa mtu mwingine. Hakuna anayeziita vilema.

Nakubali kwamba haiishii kwenye maneno ya kusikia. Mtu anaweza kusema, nafika nyumbani, eti namkuta amelala! Huyo ameona kwa macho yake, hakuambiwa na mtu. Ndiyo maana siridhiki na wanaoifafanua eti kuwa ni neno la shaka, wakamaliza. Kinachonionekea mimi ni hiki: anayesema eti anakataa kuliwekea saini jambo lililo mbele yake, ama kwa kuwa ni la wengine, ama kwa kuwa ni la ajabu mno, ama kwa kuwa anataka wewe ndiye uliwekee saini. Hiyo ya mwisho ndiyo eti ya swali, ile ya simu. Pale bibi hakutilia shaka chochote. Alikuwa ananikabidhi sentensi nimthibitishie, na tafsiri yake ni ya mtu anayesema hebu niambie. Ukiweka inadaiwa hapo utachekwa.

Ile ya jirani mgonjwa ndiyo inayonitesa zaidi, kwa kuwa ndani yake kuna sababu isiyotajwa. Hakuja kwa sababu anaumwa, hiyo ni taarifa ya kitabibu. Hakuja, eti anaumwa, hiyo ni sababu ya jirani mwenyewe, na bibi anairudisha kwa mwenyewe. Nimeitafsiri kuwa hakuja, anasema anaumwa, nikailaza kwa herufi za mlazo ile anasema. Inatosha kiasi. Sauti haipo: alipoisema aliivuta, etiii, na msomaji wa Kiingereza hataivuta. Siku hizi kwenye nakala zangu naandika urefu wa sauti na nilichokiona mdomoni, hata kama ukurasa unachafuka.

Najua jibu la msimamizi, kwa sababu alinipa. Vijana wa leo husema eti kama wanavyosema yaani, haina maana, inajaza pengo tu. Pengine kwa baadhi yetu ni kweli. Lakini kipimo kipo na ni rahisi: ifute, kisha umsomee mwenyewe. Nilirudi Same nikafanya hivyo. Nilimsomea bibi sentensi yake ikiwa safi: wakatuambia bila karatasi hatuna maji. Akanikatiza kabla sijamaliza. "Mimi sikusema hivyo. Hayo ni maneno yao." Maneno yote yalikuwa yake, yamepungua moja tu.

Usidhani ni ugomvi wa wanafunzi. Kwa miaka mingi katika mahakama zetu za juu shahidi alisema Kiswahili, kumbukumbu ikaandikwa Kiingereza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Na mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakajaa Same bomani kupinga kodi ya mbiru. Mafaili ya wakoloni kuhusu siku zile ni ya Kiingereza. Ninapoyafikiria, siwazi maneno yaliyotafsiriwa vibaya. Nawaza yaliyokatwa, na nani alihesabiwa kuwa amekubali.

Sentensi ya karatasi nimeiandika hivi, kwa maneno mengi kuliko yake: walituambia kwamba bila karatasi hatuna maji, hayo waliyasema wao. Msimamizi amezungushia nusu ya pili duara, safari hii kwa penseli, na kuandika pembeni kwamba mhojiwa hakuyatamka maneno haya. Nimemjibu aliyatamka, nilipokuwa nimeyafuta. Bado hajarudisha sura hiyo. Bibi naye alinipigia wiki iliyopita kunitaarifu kwamba mfereji umezibuliwa, na kabla ya kukata simu akauliza, "Eti, wamekuruhusu kumaliza?"